Mkuu, usiposti tangazo hilo la droo kabla hujarekebisha saa ya mwisho

"Wakuu habari. Nina duka la vyombo Instagram, wateja wangu wengi wako Dar, Tanga na Zanzibar, wachache wako Muscat. Nataka kutoa blenda bure. Nimeandika hivi: 'SHINDA BLENDA! Tufolo, laiki posti hii, tagi marafiki 5, shea. Mwisho Ijumaa saa sita usiku. Mshindi atatangazwa.' Je, inatosha au niongeze masharti? Na je, niweke picha au video, na nani alipe usafiri mshindi akiwa mkoani? Nataka kuposti leo jioni."

Usiposti leo jioni. Hayo maneno "Ijumaa saa sita usiku" yatakutia hasara, na nasema hivi kwa sababu dukani kwa dada yangu yalitugharimu cherehani nzima. Mimi ndiye ninayesimamia ukurasa wa duka.

Ijumaa saa sita usiku ni lini? Wewe moyoni unayo maana moja tu, ile ya Ijumaa ikiisha, kuamkia Jumamosi. Sasa soma kama anavyosoma mtu wa Tanga au Unguja, ambaye kwake siku mpya huingia magharibi jua likizama. Kwake usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Halafu mwulize kijana anayetazama simu yake: saa sita usiku ni 00:00, na simu inapoandika Ijumaa 00:00 inamaanisha Ijumaa ndiyo kwanza inaanza. Watu wawili wasiofanana kabisa, mmoja anafuata desturi ya pwani na mwingine anafuata simu, wote wanafika Alhamisi usiku. Wewe peke yako uko Ijumaa usiku. Baina yenu kuna saa 24 kamili, na ndani ya saa hizo ndimo ugomvi wote unamozaliwa.

Kwetu ilikuwa hivi. Tangazo lilisema mwisho Ijumaa saa sita usiku. Alhamisi usiku komenti zikamiminika, tukafurahi, hatukujiuliza kwa nini. Ijumaa asubuhi mama mmoja akatuandikia kwa upole kabisa: "Nimechelewa kwa kulala, mtukumbuke safari ijayo." Hapo ndipo tungeshtuka. Mtu alikuwa na siku nzima ya kushiriki na amejitoa mwenyewe, kwa sababu tangazo letu ndilo lililomtoa. Jumamosi tukachezesha droo, jina likatoka la dada aliyekomenti Ijumaa kama saa tano na nusu usiku. Kwa hesabu yetu yumo. Kwa hesabu ya nusu ya washiriki, tumempa cherehani mtu aliyechelewa siku nzima. Wakaanza: "ni ndugu yao", "droo ya mchongo". Yule mama mpole naye akarudi, safari hii bila upole, na haki ilikuwa yake.

Kilichotumaliza ni kurekebisha maelezo ya posti baada ya malalamiko. Tukaongeza "kuamkia Jumamosi" tukidhani tunafafanua. Instagram inaonyesha kwamba maelezo yamehaririwa, ila haionyeshi yalikuwaje mwanzo, na watu walikuwa na skrinishoti za maneno ya awali. Tukaonekana tunaficha. Mwisho dada yangu akaamua: aliyeshinda abaki na cherehani yake, kisha ikachezeshwa droo ya pili kwa waliokomenti kabla ya Alhamisi kuisha, na cherehani ya pili ikanunuliwa kwa fedha za mtaji.

Na maneno yale hatukuyabuni sisi. Tulimlipa jamaa anayejiita mtaalamu wa matangazo ya mitandaoni. Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na tarehe na saa, akaifuta. Akasema masharti marefu yanafukuza watu, "saa sita usiku" kila mtu anaijua. Nilipompigia baada ya moto kuwaka akanijibu kwamba washiriki hawajui kusoma. Hapana! Walisoma vizuri kuliko yeye alivyoandika. Mtu anayechukua hela ya mwenye duka mdogo halafu akawatupia lawama wateja wa duka hilo hafai kupewa kazi ya maneno. Nikimwona tena sokoni nitampa salamu, kazi simpi.

Basi kanuni ni hii, na nakuomba uishike: droo isifungwe saa sita usiku kamwe. Funga mapema, saa ambayo haigusi mpaka wa siku, na uandike siku, tarehe, mwaka, saa kwa namna mbili, na ni saa za wapi. Wateja wako wa Muscat wako mbele ya Dar kwa saa moja, kwa hiyo saa tatu usiku yako kwao ni saa nne. Kisha sema waziwazi aliyechelewa ni nani. Yako ingekuwa hivi:

"Mwisho wa kushiriki ni Ijumaa, tarehe 13 Machi 2026, saa 3:00 usiku (21:00) kwa saa za Dar es Salaam. Komenti itakayoingia baada ya saa hiyo haitahesabiwa. Mshindi ni mmoja, atapatikana kwa droo laivu kwenye ukurasa huu Jumamosi tarehe 14 Machi 2026, saa 10:00 jioni (16:00) kwa saa za Dar es Salaam."

Kabla hujaposti, wape watu wawili wasome, mmoja awe wa pwani. Usiwaulize kama wameelewa, kila mtu atasema ndiyo. Waulize hivi: "Mtu akikomenti Alhamisi saa nane usiku, yumo au hayumo?" Wakijibu tofauti, tangazo bado bovu.

Saa ya kufunga ikifika, rekodi skrini ya simu huku unashusha komenti zote hadi ya mwisho, kisha andika majina kwenye daftari kwa namba. Usisubiri kesho. Instagram huandika umri wa komenti tu, kwamba ina saa kadhaa au siku kadhaa, na ikishafika siku huwezi tena kumwonyesha mtu kwamba fulani aliwahi kwa dakika kumi. Rekodi hiyo ndiyo ushahidi wako pekee.

Kuhusu kutagi na kushea: ukiiweka droo hii Facebook pia, ondoa sharti hilo, kanuni zao haziruhusu kumtaka mtu atagi marafiki au ashee kwenye ukurasa wake ili aingie. Instagram nao wanataka useme kwamba wao hawadhamini wala hawaendeshi shindano. Na usithubutu kuongeza "ukinunua kitu ndiyo unaingia kwenye droo" bila kwenda kwanza Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kuuliza, maana hapo umeshaingia kwenye mambo ya bahati nasibu.

Kama umeshaposti wakati mimi naandika haya, usihariri kimyakimya. Acha maneno ya zamani yalivyo, weka posti mpya yenye saa sahihi, useme kwamba muda unaohesabika ni ule mrefu zaidi kati ya tafsiri zote mbili, na uibandike juu ya ukurasa leo hii kabla Alhamisi haijafika.