Rekebisha bei kwanza, ndipo uhesabu RSI: mfano wa Apple, Agosti 2020

Msomaji mmoja ameuliza kwa nini jedwali lake linaonyesha Apple ilipoteza asilimia 74 kwa siku moja, tarehe 31 Agosti 2020. Haikupoteza kitu. Siku hiyo hisa ilianza kuuzwa baada ya mgawanyo wa 4 kwa 1: aliyekuwa na hisa moja akawa na nne, na bei ya kila moja ikawa robo. Ijumaa tarehe 28 ilifunga dola 499.23, na Jumatatu ikafunga 129.04. Gawanya 499.23 kwa 4 upate 124.81, kisha linganisha: hisa ilipanda asilimia 3.4.

Kosa hili haliishii kwenye siku moja. RSI ya siku 14, kipimo kinacholinganisha kupanda na kushuka kwa bei, inalichukua anguko hilo la uongo kama hasara halisi, na kwa kuwa hasara ya wastani hupungua kidogo kidogo kila siku, kipimo kinakaa chini kwa wiki kadhaa huku hisa ikiwa haina tatizo lolote. Wastani wa siku 200 unabaki umeharibika mpaka siku ya mwisho yenye bei ya zamani itoke kwenye hesabu.

Mgawanyo ni rahisi kuugundua kwa sababu grafu inakatika waziwazi. Gawio ndilo linalopita kimyakimya, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Mwezi huohuo Apple ilitoa gawio la senti 82 kwa hisa, na tarehe 7 Agosti ilikuwa siku ya kwanza ya kuuzwa bila haki ya gawio hilo. Tarehe 6 ilifunga 455.61, tarehe 7 ikafunga 444.45. Ukitazama bei peke yake, hasara ni asilimia 2.45. Lakini mwenye hisa alikuwa anadai senti zake 82, hivyo hasara yake ya kweli ni asilimia 2.27.

Kizidisho cha gawio ni 1 − 0.82/455.61, yaani 0.9982. Kigawanyio ni bei ya kufunga ya siku iliyotangulia, si ya siku yenyewe. Kila bei ya tarehe 6 Agosti na kurudi nyuma izidishe kwa 0.9982, halafu kwa 0.25 ya mgawanyo. Hiyo 455.61 inakuwa 113.70. Bei ya tarehe 7 inapata 0.25 tu, inakuwa 111.11. Linganisha hizo mbili kabla ya kukata desimali na ile asilimia 2.27 inarudi.

Ukiwa na bei ghafi, safu ya gawio (0 siku zisizo na gawio) na safu ya mgawanyo (1 siku za kawaida), kazi yote ni hii:

```python
k = (1 - df["gawio"] / df["close"].shift(1)) / df["split"]
f = k.shift(-1, fill_value=1.0)[::-1].cumprod()[::-1]
df["adj"] = df["close"] * f
```

Hapa wengi hukosea: vyanzo vingi huandika gawio hilo kama 0.205, kwa kuwa tayari limegawanywa kwa 4. Ukiligawanya kwa 455.61 ambayo ni bei ghafi, umepunguza gawio hadi robo yake na hakuna onyo litakalotokea. Gawio na bei lazima viwe vya upande mmoja wa mgawanyo. Kwenye Yahoo, safu ya `Close` tayari imerekebishwa kwa mgawanyo, na `Adj Close` inaongeza gawio. Ukiigawanya tena kwa 4 utapata mruko wa uongo upande wa pili. Kwenye yfinance andika mwenyewe `auto_adjust=True` au `False`, usiachie programu ikuchagulie.

Bei ya kufungua, ya juu na ya chini nazo zizidishwe kwa kizidisho hichohicho. Ukirekebisha bei ya kufunga peke yake kisha ukahesabu ATR, yaani wastani wa ukubwa wa mwendo wa bei kwa siku, bei ya kufunga ya jana inakuwa nje kabisa ya bei za leo, na ATR inafura kila siku ya kabla ya mgawanyo. Idadi ya hisa zilizouzwa inakwenda kinyume: ya kabla ya mgawanyo izidishe kwa 4, wala usiiguse kwa ajili ya gawio.

Bei ghafi usiitupe. Kila gawio jipya linabadilisha historia yote ya bei zilizorekebishwa, kwa hiyo hifadhi bei ghafi pamoja na orodha ya magawio na migawanyo, ukokotoe upya kila mara. Na kanuni yoyote inayotaja bei yenyewe, kama "usinunue hisa iliyo chini ya dola 5", iangalie bei ghafi ya siku hiyo. Kwa bei zilizorekebishwa, hisa iliyogawanywa mara nyingi baadaye itaonekana ya senti chache hapo zamani, na kanuni yako itakuwa imeamua kwa taarifa ambayo siku hiyo hakuna aliyekuwa nayo.