Ukiona p < 0.05, pima kwanza matundu ya wavu

Nilipokuwa nikiandaa memuari yangu ya saikolojia hapa Bukavu, niliisoma makala moja ya Kiingereza mara nne, kamusi ikiwa pembeni, na mara zote nne jicho langu lilitua mahali pamoja: p = 0.042. Watafiti walikuwa wamewagawa wanafunzi 40 katika makundi mawili ya watu 20. Kundi moja lilifanya zoezi fupi la kupumua polepole kabla ya jaribio la kumbukumbu, na lingine lilisubiri tu. Waliofanya zoezi walipata wastani wa alama 14 kwa 20, wengine 12. Nililichukua jambo hilo kama limekwisha kuthibitishwa, nikalirudia kwa wanafunzi wa hapa, watu 25 kwa kila kundi, nikijiona mwangalifu kuliko wenyewe kwa sababu niliwazidi watu watano watano. Sikupata kitu. Direkta wangu aliniuliza nilikosea wapi, nami nikapoteza wiki tatu nikilitafuta kosa katika karatasi za majibu, ilhali lilikuwa katika namna nilivyoisoma makala.

Ile p hujibu swali jembamba sana: tukichukulia kwamba zoezi halina athari yoyote, ni mara ngapi bahati ya kugawa watu peke yake ingeweza kuleta tofauti kubwa kama hii au kuizidi? Katika makala ile jibu ni kama mara 4 kwa 100. Haisemi kwamba zoezi lina uwezekano wa asilimia 96 wa kufanya kazi, ingawa nimewahi kumsikia hata asistanti akilieleza hivyo mbele ya darasa, wala haisemi athari yenyewe ni kubwa kiasi gani.

Ukubwa wa athari unahitaji namba yake. Kwa makundi mawili, inayotumika mara nyingi ni d ya Cohen: chukua tofauti ya wastani, uigawe kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika kuzunguka wastani wao. Hapa tofauti ni alama 2, na mkengeuko ni kama 3, kwa hiyo d ni karibu 0.66. Makala isipoitaja d, unaweza kuipata kutoka kwenye t, namba ya jaribio linalolinganisha wastani wa makundi mawili, iliyoandikwa kando ya p, mradi makundi yawe ya watu tofauti na yenye idadi sawa, n ikiwa idadi ya watu katika kila kundi:

```
d = t × √(2/n)
d = 2.10 × √(2/20) = 0.66
```

Sasa fanya hesabu hiyohiyo ukitafuta kitu kingine, na hapa ndipo macho yangu yalipofunguka. Kwa watu 20 kila upande, t inapaswa kufika angalau 2.02 ili p ishuke chini ya 0.05, mstari ambao kwa desturi matokeo yakiuvuka huitwa yenye maana kitakwimu. Weka 2.02 katika kanuni ileile, upate d ya 0.64. Maana yake ni kwamba utafiti wa ukubwa huo hauwezi kutoa matokeo yenye maana kitakwimu isipokuwa tofauti iliyoonekana ni 0.64 au zaidi. Tuseme ukweli wa zoezi lile ni 0.3, kiasi cha kawaida kabisa katika saikolojia. Ukilifanya jaribio mara nyingi, takribani mara 15 tu kwa 100 ndizo zitakazovuka mstari, na kila itakayovuka upande wa zoezi italazimika kuitangaza athari mara mbili ya ukweli wake au zaidi. Mvuvi wa Kivu anayetumia wavu wa matundu mapana atarudi na samaki wakubwa peke yao, na mtu anayeutazama mtumbwi wake ufukweni anaweza kuapa kwamba ziwa halina sambaza, wale samaki wadogo. Majarida kwa muda mrefu yamekuwa ufukwe wa namna hiyo: yaliyovuka mstari yalichapishwa, mengine yakabaki kwenye droo.

Hii ndiyo sababu moja kubwa, ingawa si pekee, ya tatizo la tafiti zisizorudiwa kwa mafanikio. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lililoratibiwa na Brian Nosek lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na matokeo yenye maana kitakwimu. Katika marudio zilikuwa asilimia 36. Namba hiyo ya pili ndiyo inayotajwa kila mahali, lakini mimi naona inayofundisha zaidi ni ile isiyotajwa sana: kwa wastani, athari zilizopatikana katika marudio zilikuwa kama nusu ya zile za awali. Nusu, si sifuri.

Kuna pia athari ambazo zilikaribia kutoweka kabisa. Mwaka 1998 Roy Baumeister na wenzake walieleza kwamba watu waliojizuia kula biskuti za chokoleti na kulazimika kula figili waliacha mapema fumbo lisilo na jibu, wakiwa wamelishughulikia kwa dakika kama 8 dhidi ya 19 za wale waliokula chokoleti. Wazo likawa kwamba nguvu ya kujizuia huchoka kama msuli. Mwaka 2010 majumuisho ya majaribio 198 yalileta d ya 0.62. Kisha mwaka 2016 maabara 23 zilifanya jaribio moja lililosajiliwa kabla ya kukusanya data, zikiwa na washiriki zaidi ya 2,000, na d ikawa 0.04. Watetezi walisema kwamba jaribio lililochaguliwa halikuwa lile la figili bali zoezi la kwenye kompyuta, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, ona kilichotokea kwa yale majumuisho: kukusanya majaribio 198 hakukusaidia, kwa kuwa karibu yote yalikuwa yamepita kwenye wavu uleule. Majumuisho ya samaki wakubwa hayakuonyeshi wadogo.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kusoma mjadala wa makala, naandika ukingoni idadi ya watu katika kila kundi na d ndogo kabisa ambayo ingeweza kuvuka mstari. Ikiwa d iliyotangazwa imekaa juu kidogo tu ya kizingiti hicho, naichukulia kama dari ya ukweli, si kadirio lake. Makala yenye majaribio manne madogo, yote yakiwa na p kati ya 0.02 na 0.05, hunitia shaka kuliko yenye mawili yaliyofaulu na mawili yaliyoshindwa, kwa sababu wavu mpana haupati samaki kila unapotupwa. Lakini usiikatae kila sampuli ndogo. Athari ya Stroop, ile ya kuchelewa kutaja rangi ya wino pale neno lenyewe linapotaja rangi nyingine, huonekana hata kwa watu wachache, kwa kuwa ni kubwa na kila mtu hupimwa mara nyingi akilinganishwa na nafsi yake. Kwa majaribio ya namna hiyo kanuni niliyoandika juu haifai.

Namalizia na memuari yangu. Nilipata d ya 0.20, nami nilikuwa nimeandika kwamba matokeo ya makala yamekanushwa. Nilipohesabu mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo la ukubwa wa athari unaopatana na data zangu, ilitoka chini ya sifuri, kwenye -0.36, hadi 0.76. Sifuri imo ndani yake, 0.3 imo, na hata ile 0.66 ya wenzangu imo. Ili niwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona athari ya 0.3, ningehitaji watu kama 175 kwa kila kundi, si 25. Niliifuta sentensi ya kukanusha siku mbili kabla ya utetezi, nikaweka nyingine inayosema kwamba data zangu haziwezi kutofautisha kati ya athari ya ukubwa wa kati na kutokuwepo kwa athari, na swali la kwanza la juri lilihusu sentensi hiyo.