Barua ya skolashipu: usimwachie mtu wa steshenari aondoke nayo

"Wakuu, nimeandika maelezo yangu binafsi ya skolashipu kwa Kiswahili, maneno 500 kama fomu inavyotaka. Kuna jamaa wa steshenari hapa Mwanga Kigoma anatafsiri, anasema nimwachie atainyanyua iwe Kiingereza cha kimataifa, kesho naichukua. Nimpe?"

Mdogo wangu usimpe. Kama umeshampa, kaichukue leo kabla hajafunga.

Hilo neno "atainyanyua" ndilo limenifanya niandike, maana na mimi niliambiwa hivyohivyo na mtu kama huyo, nikaamini, nikalipa, nikachukua karatasi zimechapwa vizuri zimebanwa pini, nikatuma bila kuelewa nusu ya kilichoandikwa. Niliitwa interviu Dar, na skolashipu niliikosea palepale kwenye kiti, kwa barua yangu mwenyewe.

Kipande changu cha Kiswahili kilikuwa hivi:

"Mama anaanika dagaa mchangani pale Kibirizi. Masika mvua ikishuka ghafla tunakimbia na turubai kuokoa tunachoweza. Waliolowa kesho yake wananuka, tunawauzia wafuga kuku kwa bei ya kutupa. Tukaomba mabaki ya mbao kwa fundi mitumbwi, tukapigilia kichanja, tukatandika wavu chakavu juu. Dagaa wakakauka bila mchanga. Majirani wawili wakaiga."

Kiingereza chake, ukikirudisha kwa Kiswahili, kilikuwa kinasema hivi: "Nikiwa nimelelewa katika mazingira yenye changamoto lukuki, nilipata shauku kubwa ya kuleta mabadiliko chanya katika jamii yangu, hivyo nilianzisha na kuongoza mradi wa kuwawezesha wanawake kiuchumi kupitia teknolojia bunifu."

Sasa niambie dagaa wako wapi hapo. Mvua iko wapi, mama yuko wapi! Sentensi hiyo anaweza kuiandika mtu wa Mtwara, wa Moshi, wa popote, na kweli baadaye nilikuja kusoma barua ya mwenzangu wa Ujiji aliyepitia kwa jamaa yuleyule, inaanza na sentensi ileile, mpaka koma. Yaani ana sentensi zake kwenye kompyuta, anabadilisha jina tu.

Kwenye interviu wakanishika hapohapo. Mradi una wanawake wangapi? Nani alifadhili? Hiyo teknolojia ni ipi? Nikawaeleza kichanja, mbao na wavu, na nilieleza vizuri tu, ila mama mmoja kwenye jopo akaangalia karatasi akaniangalia mimi, akauliza mbona hapa umeandika kitu kingine. Ungejibu nini? Kwenye fomu nilikuwa nimetia tiki kwamba maelezo yote ni ya kweli na ni yangu. Kichanja chenyewe kingenitosha kabisa, nilikuwa naomba kusoma mambo ya kuhifadhi chakula, lakini kwa wale watu mimi nilishakuwa mtu aliyejitungia mradi. Na jamaa alivyoulizwa akasema eti Wazungu wanapenda maneno mazito! Nani alimwambia? Hawa watu wanachukua hela za watoto wa wavuvi na wakulima halafu wanawafutia kitu pekee ambacho mwombaji mwingine hana, na hawajui hata kama wamekifuta. Inaniuma mpaka leo.

Ila kuna sababu nyingine iliyomfanya afute, na wewe umeshaingia humohumo, ni hayo maneno 500. Kiswahili kinabeba mengi kwenye neno moja. "Nitakaporudi" ni neno moja, kwa Kiingereza yanakuwa manne. "Hawakunilipia" yanakuwa sita. Kwa hiyo maneno 500 ya Kiswahili yakitafsiriwa kwa uaminifu yanaweza kufika 650 au 700, fomu inakataa, mtafsiri anaanza kukata, na anachokata kwanza ni turubai, kuku na wavu chakavu, kwa sababu kwake hivyo ni vitu vidogo. Anabakiza "shauku" na "jamii". Ndiyo maana nakwambia kata mwenyewe, kwa Kiswahili, kabla hujampelekea mtu yeyote. Shusha mpaka kama 350. Kata "tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto", kata methali, kata "kwa heshima na taadhima" ya barua za serikali, usiguse dagaa.

Halafu kaa naye. Hii ndiyo kanuni yangu moja na siiachi: tafsiri ifanyike ukiwa umekaa pembeni, sentensi moja moja, na kila sentensi akiimaliza akusomee hicho Kiingereza kisha akwambie kwa Kiswahili kinasema nini, kwa mdomo, bila kuangalia karatasi yako. Kisichorudi kimepotea, mwambie akirudishe. Kilichorudi kimenenepa, mwambie akipunguze. Hakuna kumwachia flashi ukaondoka.

Mwaka uliofuata nilifanya hivyo na mwalimu wangu wa sekondari, na hapo ndipo niliona tofauti. Alipofika "tukapigilia kichanja" akaweka kalamu chini akauliza, tukapigilia wewe na nani? Sisi tumelelewa kusema "tulifanya", ukisema "mimi nilifanya" unaonekana unajisifu, lakini msomaji wa fomu anatafuta wewe ulifanya nini, akiona "sisi" hajui akuhesabie nini. Ukweli ni kwamba wazo lilikuwa langu na misumari alipiga kaka, basi tukaandika hivyohivyo, wazo langu, misumari ya kaka. Ikawa kweli zaidi ya Kiswahili changu cha kwanza.

Kichanja nacho kilimsumbua. Hakupata neno moja la Kiingereza ambalo msomaji wa mbali angeona anachokiona mtu wa Kibirizi, kwa hiyo akakieleza: meza ya mbao na wavu, imeinuliwa usawa wa kiuno, hewa inapita chini. Imekula maneno mengi na ilistahili, ndiyo maana nakwambia ukate mapema. Neno dagaa aliliacha dagaa, akaongeza tu kuwa ni samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika.

Kitu kingine alichofanya ni kuziacha sentensi zangu fupi. Mimi nasimulia kwa nika, nika, nika: nikaomba, nikapata, nikajaribu. Yule wa kwanza aliziunganisha zote kwa viunganishi vya kisomi zikawa mkia mmoja mrefu usio na pumzi. Mwalimu aliweka nukta. Kitenzi cha wakati uliopita, nukta, kingine, nukta. Nilipoisoma tafsiri hiyo kwa sauti nilisikia ni mimi naongea, ila kwa Kiingereza, na hakukuwa na neno hata moja ambalo ningeshindwa kulieleza nikiulizwa.

Hilo neno ambalo huwezi kulieleza ndilo la kulitafuta. Ukishamaliza chukua peni, pitia tafsiri yote, kila neno ambalo usingelitamka mwenyewe mbele ya jopo lipigie mstari, mwambie akupe jepesi. Hata kama Kiingereza chako ni cha form four, bora kiwe hicho kimesahihishwa sarufi kuliko cha mtu mwingine, maana interviu hutaenda na mtafsiri.

Ukitaka, weka hapa aya yako ya kwanza ya Kiswahili, ficha jina na shule, nitakuonyesha pa kukata. Lakini kwanza nenda steshenari.