Puti ghali, koli rahisi
"Faharisi iko 5,000. Kwa nini puti ya 4,500 ni ghali kuliko koli ya 5,500, na umbali ni uleule?"

Puti ni haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa, koli ni haki ya kununua. Ukitumia mtikisiko mmoja kwa zote mbili, yaani kiasi bei inavyotarajiwa kuyumba, tuseme asilimia 16 kwa mwaka, mkataba wa mwezi mmoja bila riba, fomula ya Black-Scholes ya kukokotoa bei za haki hizo inakupa kinyume: koli kama pointi 1.7, puti kama 0.85. Sasa ipe puti asilimia 24 na koli 12: puti inafika karibu 9, koli 0.2. Huo ndio mwinamo: mstari wa mtikisiko kwa kila bei ya mkataba unashuka kutoka puti kwenda koli.

Kwenye S&P 500 mstari huo ulikuwa karibu bapa hadi Oktoba 19, 1987, faharisi iliposhuka zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja. Tangu hapo muuzaji wa puti hasahau kwamba soko likianguka, mtikisiko nao hupanda, akaumia mara mbili.

— Kwa hiyo ni woga tu.

— Woga ni nusu, kaka. Kuna pia mifuko mikubwa inayonunua puti kukinga hisa zake na kuuza koli juu ya hisa hizohizo. Kipi kina uzito zaidi, wataalamu bado wanabishana.

— Mimi nacheza yuro na dola, naona pande zote mbili za mstari zimeinuka. Chati yangu mbovu?

— Si mbovu. Hilo ndilo tabasamu: sarafu huweza kuruka ghafla upande wowote.