Maswali na majibu: Visima vya ramani na jina la mwenyewe

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa wenye dashibodi za maji na mvua, Lamu kwa Malindi, na wengi huchukua visima vyao kwenye OpenStreetMap, yaani OSM, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Zile zinazouliza leseni ni kitu gani nimeziweka kando, maana hilo tumelisema hapa mpaka sauti imekauka.

Maalim, nimeandika "Chanzo: OSM" kwenye ukurasa wa Kutuhusu. Yatosha? (Msomaji, Langoni)

Haitoshi. Jina lionwe na anayeitazama ramani, si na anayekwenda kulisaka. Mahali pake ni pembeni mwa ramani, chini kulia, na liwe kiungo cha ukurasa wa hakimiliki. Kwenye Leaflet ni mstari mmoja:

```
attribution: '© <a href="https://www.openstreetmap.org/copyright">OpenStreetMap contributors</a>'
```

Kwenye simu unaruhusiwa kuyakunja maneno hayo baada ya sekunde 5, au mtu anapoigusa ramani. Kukunja, si kufuta. Na ukiipiga ramani picha ya skrini ukaitupa kwenye kundi la WhatsApp, jina liende nayo.

Mie nachukua visima na majabia yasiyofika 100, kila usiku, kwa skripti. Nimesoma kwamba chini ya 100 si kitu. Ni kweli? (Mkomani)

Umesoma nusu ya ukurasa. Mwongozo wa wenye OpenStreetMap kweli unasema vitu visivyofika 100 ni kiasi kidogo kisichofungwa na masharti, lakini unazungumzia uchotaji wa mara moja. Leseni yenyewe, ODbL, inasema kuchota sehemu ndogo ndogo mara kwa mara na kwa mpango kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuchota sehemu kubwa. Skripti inayoamka kila usiku ni mpango, wala hakuna jina jingine. Ukichota birika kwa kata kila siku, usije ukasema hukuchukua ila kata moja. Chukulia kwamba masharti yote yanakuhusu, ulale usingizi.

Tumesahihisha visima kadhaa kwa mkono, vingine vilikuwa na jina la kijiji kisicho chake. Sasa watu wanataka kupakua CSV. Tuwape? Na tuweke leseni yetu wenyewe? (Kikundi cha maji, Lamu Mashariki)

Wapeni, lakini leseni si yenu kuchagua. Hapa pana vitu vitatu na watu huvichanganya.

Kwanza kuna ramani inayoonekana kwenye skrini. Hiyo ni kazi yenu, ipeni leseni muitakayo, ilimradi iseme data imetoka wapi na iko chini ya ODbL.

Pili kuna jedwali la visima lililosahihishwa. Hilo limezaliwa na hifadhidata ya OpenStreetMap, na likishatumika hadharani linabaki chini ya ODbL. Wengine hudhani wakiondoa kitufe cha kupakua wamesalimika. Hawajasalimika: ukionyesha ramani iliyotokana na jedwali ulilolibadilisha, anayeiona ana haki ya kupewa jedwali hilo, au walau faili la mabadiliko uliyofanya.

Tatu kuna vipimo vyenu vya chumvi ya maji. Vikikaa kwenye jedwali lake, vikishikana na visima kwa namba ya utambulisho tu, ni mali yenu na mnaweza kuvipa leseni nyingine. Lakini mkichukua orodha yenu ya visima mkaichanganya na ya OpenStreetMap, mkafuta vilivyojirudia mkapata orodha moja, basi orodha nzima ni ODbL, vyenu vikiwemo.

Sasa niwape yaliyonikuta. Niliwahi kutengenezea kikundi kimoja dashibodi kama hii, tukasahihisha majina ndani ya jedwali lile lile linaloletwa usiku. Asubuhi kazi yote haipo, data mpya imeifunika. Tukarekebisha upya, tukazima usasishaji, na baada ya miezi miwili hakuna aliyejua jina lipi ni letu na lipi ni la OpenStreetMap. Mtu akaomba mabadiliko, tukakosa cha kumpa.

Dawa ilikuwa faili dogo la pembeni, `marekebisho.csv`. Kila mstari una namba ya kisima, safu iliyobadilishwa, thamani ya zamani, thamani mpya, tarehe, na aliyethibitisha. Skripti inaleta data mbichi, haiigusi, kisha inapaka marekebisho juu ya nakala. Faili hilo ndilo leseni inalolitaka, kwa hiyo mnaliweka wazi na deni limelipwa. Lina faida nyingine: thamani ya zamani isipolingana tena na iliyoletwa usiku, jueni kuna mtu kabadilisha huko juu. Skripti isipake, iwaite mkaangalie. Mara nyingi kisima kimeshasahihishwa na mstari wenu unafutwa.

Na kama jina mmelithibitisha kwa miguu yenu, lipelekeni OpenStreetMap penyewe. Mlilonakili Google Maps msilipeleke.

Mipaka ya wadi nimeitoa GADM, ni bure. Nimeiunganisha na visima ili kila kisima kijue wadi yake. Kuna tatizo? (Malindi)

Kuna mawili. GADM ni bure kwa masomo na matumizi yasiyo ya biashara, na hairuhusu kuigawa upya bila idhini. Ramani yako inapopeleka faili la GeoJSON kwenye kivinjari, umeigawa: yeyote anaweza kulihifadhi akaondoka nalo.

La pili ni zito zaidi. ODbL inataka jedwali lililochanganywa liwe huru hata kwa mfanyabiashara, GADM inamkataza mfanyabiashara. Masharti hayo mawili hayakai chungu kimoja, na kuandika majina ya wote wawili hapo chini hakusaidii kitu. Badilisha mipaka. Tumia iliyomo OpenStreetMap, au geoBoundaries, ila soma leseni ya faili la Kenya lenyewe kabla hujalishusha.

Tarehe ya "imesasishwa" niandike ipi? (Shela)

Ya data, si ya skripti yako. Overpass, huduma ya kuchotea data ya OpenStreetMap, inakuletea tarehe hiyo ndani ya jibu, kwenye `osm3s`, jina lake `timestamp_osm_base`. Ihifadhi pamoja na jina la chanzo na leseni katika faili lile lile, dashibodi izisome humo. Usiyaandike kwa mkono kwenye ukurasa: siku utakayobadilisha chanzo, utasahau kubadilisha jina.

Niliona dashibodi moja ikisema "imesasishwa leo" wakati skripti ilikuwa imekufa wiki tatu. Tarehe ilitoka kwenye saa ya simu yangu mwenyewe!

CHIRPS si ni mali ya umma? Basi nisitaje mtu. (Msomaji, Watamu)

Sheria haikulazimishi. Msomaji wako anakulazimisha. Takwimu za mvua za CHIRPS hutoka kwanza za awali, kila baada ya siku 5 hivi, kisha za mwisho huja mwezi unaofuata, na zinaweza kutofautiana. Andika Climate Hazards Center, andika "awali" au "mwisho" kando ya kila namba, na uziondoe za awali zikishafika za mwisho. La sivyo mkulima aliyepiga picha grafu yako mwezi jana atakuja kukuuliza mvua yake umeipeleka wapi.

Tunaweza kuandika "kwa ushirikiano na OpenStreetMap"? Inapendeza kwa wafadhili. (Hakutaja mahali)

Hapana. Hamkushirikiana nao, mmechukua data yao.