Ukitaka Kung'amua Mwenyewe, Tazama Gemu Inavyopokea Jibu Lako

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwa uchungu ninaoujua. Amekulia kwenye riwaya za upelelezi, zile unazosoma huku ukijaribu kumtangulia mpelelezi kwa kurasa chache. Akanunua gemu iliyosifiwa kuwa ya upelelezi, akazunguka vyumba akibonyeza kila kitu kilichong'aa, na alipomaliza kubonyeza, mhusika wake akasimama na kumtaja muuaji. "Mimi nilikuwa nafungua milango tu," akaandika.

Mimi pia yalinikuta, na bado yananiuma. Kuna gemu moja, sitaitaja, ambayo nilimjua mhalifu tangu sura ya pili. Alidai hajawahi kukanyaga chumba cha marehemu, kisha katika mazungumzo mengine akataja saa ya ukutani iliyosimama, saa ambayo mtu aliye mlangoni hawezi kuiona. Hoja ilikuwa imekamilika, ila gemu haikuwa na mahali pa kuisemea. Nikalazimika kuwahoji watu wasio na hatia sura baada ya sura, na mwishoni kabisa mpelelezi wangu akaigundua saa ileile kwa mshangao, kana kwamba ndiyo kwanza ameiona. Sifa yangu ikachukuliwa na mwandishi wa gemu.

Tangu hapo, kabla ya kununua, huwa natafuta kujua jambo moja tu: gemu inapokeaje jibu? Picha, muziki na hadithi vinaweza kusubiri. Ikiwa inakupa majibu matatu ya kuchagua na ukikosea inakurudisha uchague tena, basi hata asiyefikiri atafika mwisho. Gemu ya kung'amua hukuachia nafasi tupu ujaze mwenyewe, na haiharakishi kukuambia umepatia.

Mfano bora ninaoujua ni Return of the Obra Dinn, aliyoitengeneza Lucas Pope na kuitoa mwaka 2018. Wewe ni mkaguzi wa bima. Meli ya biashara iliyopotea mwaka 1803 imerudi mwaka 1807 bila mtu hai ndani yake. Una saa ya mfukoni ambayo, ukiifungua penye maiti, inakusikilizisha sauti za sekunde za mwisho, halafu inakuingiza katika tukio lililoganda pale mtu alipokufa. Unatembea kati ya watu wasiosogea, ukiangalia nani kashika nini na nani anakimbilia wapi. Una pia kitabu chenye orodha ya watu 60 kwa jina, kazi na asili, pamoja na michoro ya sura zao. Kazi yako ni kulinganisha kila sura na jina lake, kueleza alivyokufa, na kama aliuawa, kumtaja aliyemuua.

Nikuonyeshe mnyororo mmoja wa hoja, ule wa mwanzo kabisa, ili nisikuharibie mengine. Maiti ya kwanza iko nje ya chumba cha nahodha. Saa inakusikilizisha watu wakimtaka nahodha afungue mlango, kisha mlio wa risasi. Aliyefyatua ni nahodha, maana ndiye waliyekuwa wanamwita, na orodha ina nahodha mmoja tu. Lakini aliyepigwa hana jina. Wengi hapa huandika jina lolote na kusonga mbele. Endelea kutafuta, na utamkuta nahodha akizungumza na mke wake aliyekwisha kufa, akimwambia kuwa amempiga risasi ndugu yake wa kiume. Hakuna kitakachong'aa wala kengele itakayolia. Ni wewe unayepaswa kurudi kwenye orodha na kuona kwamba mke wa nahodha ameandikwa Abigail Hoscut Witterel, na kwamba ofisa wa kwanza wa meli anaitwa William Hoscut. Jina la ukoo alilozaliwa nalo ndilo linalomtambulisha maiti wa mlangoni. Nilipoliona hilo bila msaada wa mtu nilisimama, nikazunguka chumba. Najivunia mpaka leo.

Sasa tazama jibu linavyopokelewa. Gemu hainyanyui kidole mpaka uwe na watu watatu uliowapatia kikamilifu, kwa jina na kwa kifo. Hapo ndipo inawathibitisha wote kwa pamoja. Ukiwa na wawili sahihi na mmoja wa kubahatisha aliye na kosa, unaona kimya tu, wala hujui nani kati yao ana kasoro. Kimya hicho ndicho kinachokulazimisha uwe na sababu.

Hata hivyo mlango wa nyuma upo. Ukiwa na uhakika na wawili, unaweza kumbadilishia wa tatu jina moja baada ya jingine mpaka gemu ikubali, hasa kwa mabaharia wa kawaida ambao ni wengi na kazi yao ni moja. Usiupite. Ukijikuta unabadilisha majina huku macho yako hayaangalii tena tukio, umeshaacha upelelezi. Kuna alama ya kukusaidia: mchoro wa mtu hubaki na ukungu mpaka uwe umeona ushahidi unaotosha kumtambua. Sura ikiwa safi na bado humjui, jibu liko katika jambo ulilokwisha kuliona, kwa hiyo rudi ukaangalie tena. Mabaharia hulala kwenye vitanda vya turubai vinavyoning'inia, na vitanda hivyo vina namba. Orodha nayo ina namba. Sisemi zaidi.

The Case of the Golden Idol ya mwaka 2022 inakwenda njia jirani. Unakusanya maneno kutoka kwenye tukio lililoganda, kisha unajaza nafasi katika maelezo ya kilichotokea. Ni nzuri mno, ila inakuambia unapobakiwa na makosa mawili au pungufu, na hapo kishawishi cha kubahatisha ni kikubwa. Ujumbe huo ukitokea, ondoa mikono, soma upya maelezo yako yote, na uulize ni neno lipi uliliweka bila ushahidi. Mara nyingi utakuta ni jina ulilolirithi kutoka kwenye dhana yako ya kwanza.

Her Story ya Sam Barlow, ya mwaka 2015, haikuulizi jibu kabisa. Unapewa hifadhi ya vipande vya video za mwanamke akihojiwa na polisi, na kisanduku cha kutafutia. Unaandika neno, inakuletea vipande vyenye neno hilo, lakini unaweza kutazama vitano vya mwanzo tu. Kwa hiyo neno la jumla linakufungia njia, na neno adimu, jina la mtu au kitu alichokitaja mara moja kwa kupitiwa, ndilo linalofungua. Anayetaka gemu imwambie amepatia ataondoka na njaa.

Kwa msomaji wangu: anza na Obra Dinn, na uwe na daftari. Kila jina unaloliandika, weka pembeni yake sababu kwa sentensi moja: "kaitwa kwa jina na mwenzake", "sare ya maofisa", "namba ya kitanda". Asiye na sababu mwekee alama ya kuuliza. Watatu wasipothibitishwa, wenye alama hiyo ndio wa kwanza kuwachunguza. Na usifungue kurasa za majibu mtandaoni hata kwa mtu mmoja, kwa sababu kurasa hizo hupanga majina kwa mfululizo, na jicho litasoma la chini yake kabla hujalizuia.