Chati ya mkopo na rafiki, inatosha?

Swali: Wakili, rafiki aliniandikia "nipige tafu laki nne na nusu, nikilipwa ntakurudishia". Nikamtumia kwa simu siku hiyo hiyo. Baadaye, tarehe 12, nikamwambia "kumbuka ile hela tarehe 30" akajibu "poa usijali". Sasa anadai nilimsaidia tu. Chati inatosha?

Jibu: Kwenye kiasi cha hela uko vizuri, kwenye tarehe una pengo.

Hilo neno "ntakurudishia" ndo linakubeba, maana kaliandika mwenyewe na mtu harudishi zawadi. Ila angalia, kuomba sio kupokea, ile meseji peke yake inaonyesha aliomba laki nne na nusu, haionyeshi kama alipata, kwa hiyo chukua na taarifa ya muamala, iwe ya siku hiyo na namba yake ionekane, isome 450,000. Ukikuta ulituma 400,000 basi dai hiyo hiyo, usilazimishe namba ya kwenye chati. Muamala bila chati ungesema hela ilienda tu, bila kusema ni mkopo, ndo maana vinatembea pamoja.

Kwenye tarehe sasa. "Nikilipwa" sio tarehe, na hiyo 30 umeitaja wewe. Kwa kuwa meseji ni ya tarehe 12 unaweza kusema ni 30 ya mwezi ule, sawa, lakini "poa usijali" inasomeka kama amekubali na inasomeka pia kama anakutuliza, na "ile hela" haina kiasi. Mimi nisingeweka kesi yote juu ya hiyo poa.

Ila deni halifi kwa kukosa tarehe, kwa kawaida linadaiwa pale mwenye hela anapoitaka na kumpa mkopaji muda wa kutosha. Kwa hiyo leo hii mwandikie kwa upole, bila vitisho wala riba ambayo hamkuongea, taja siku uliyomtumia hela alafu: "nilikukopesha 450,000, naomba unirudishie ndani ya siku 14 kuanzia leo". Akijibu "nipe mwezi mmoja" hapo amekiri deni. Akikaa kimya, kimya sio kukubali, ila una ushahidi kwamba ulidai na siku uliyodai, na usikae nalo sana kwa sababu madai yana ukomo wa muda kisheria.

Skrinshoti tupu rafiki yako ataipinga, nimeona watu wanakata kipande kinachowapendeza alafu mwenzake analeta chati nzima. Hifadhi mazungumzo yote na voisi zake, usifute hata meseji zako za hasira, na simu yenyewe usiiuze. Jina ulilomsevu ni lako wewe, mahakama itataka kuona namba, na hapo ndo ule muamala unakusaidia tena ikiwa namba iliyopokea hela ndo hiyo hiyo iliyochati na wewe.